Hisa za kawaida au za upendeleo? Jua nani hupiga kura na nani hulipwa kwanza

Wafanyabiashara wengi wanaovusha mchele, mahindi, vitenge na vipuri kupitia Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wameanza kuachana na biashara ya mtu mmoja. Wanachanga mitaji, wanasajili kampuni, wananunua lori au kujenga ghala. Wengine, wakiwa na akiba kidogo, wananunua hisa za kampuni kubwa za upande wa pili wa mpaka. Wote hao hupewa karatasi yenye neno moja, nalo ni hisa. Lakini hisa si za aina moja, na tofauti yake huonekana siku ambayo fedha hazitoshi kumlipa kila mtu.

Aina mbili zinazokutana zaidi katika ukanda wetu ni hisa za kawaida na hisa za upendeleo. Kwa maelezo mafupi, mwenye hisa ya kawaida ana kura na anapata kinachobaki, kiwe kingi au kisiwepo. Mwenye hisa ya upendeleo ana gawio la kiwango kilichopangwa tangu mwanzo na hulipwa kabla ya mwenzake wa kawaida, lakini kwa kawaida hana sauti katika mkutano mkuu. Maelezo hayo ni sahihi, ila yana mianya ambayo imewaumiza watu wengi. Tuanze na kampuni ambayo aina zote mbili zinaonekana wazi.

Kampuni ya usambazaji umeme ya Kenya Power imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi na ina hisa za aina tatu. Za kawaida ni zaidi ya bilioni 1.95. Kisha kuna hisa za upendeleo za asilimia 4, ambazo ni 1,800,000, na za asilimia 7, ambazo ni 350,000. Kila hisa ya upendeleo imeandikwa thamani ya Sh20. Asilimia inayotajwa huhesabiwa juu ya hizo Sh20 zilizoandikwa, si juu ya bei ya sokoni. Kwa hiyo mwenye hisa ya asilimia 4 ana haki ya senti 80 kwa mwaka kwa kila hisa, na wa asilimia 7 ana haki ya Sh1.40. Ukijumlisha zote, kampuni inahitaji Sh1,930,000 tu kwa mwaka kuwamaliza hao. Kwa kampuni ya ukubwa huo, hizo ni fedha ndogo sana.

Sasa tazama yaliyotokea. Kwa miaka kadhaa Kenya Power haikutangaza gawio lolote kwa wenye hisa za kawaida. Mwaka wa fedha wa 2022/2023 uliisha kwa hasara ya zaidi ya Sh bilioni 3. Katika kipindi hicho chote, zile Sh1,930,000 za wenye hisa za upendeleo ziliendelea kuhesabiwa kila mwaka, tena zikiwekwa katika hesabu za kampuni pamoja na gharama za mikopo. Sababu ni kwamba hisa hizo ni limbikizi, yaani mwaka usipolipwa, deni halifutiki bali linaongezwa kwenye la mwaka unaofuata. Hata ile Sh43 milioni ya mtaji wao inaonyeshwa upande wa madeni, si upande wa mtaji wa wenye kampuni. Mhasibu anakuambia kwamba mwenye hisa ya aina hii anafanana zaidi na mkopeshaji kuliko mwenye mali.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka wa fedha ulioisha Juni 2024 kampuni ilipata faida ya takriban Sh bilioni 30 baada ya kodi, na wenye hisa za kawaida wakapewa senti 70 kwa hisa, jumla ya karibu Sh bilioni 1.37. Mwenye hisa ya asilimia 7 alipata nini katika mwaka huo wa neema? Sh1.40 zile zile. Faida ingekuwa bilioni 30 au milioni 30, kiwango chake kisingeongezeka hata senti moja. Na si gawio pekee. Hisa ya kawaida ya kampuni hiyo iliyokuwa ikiuzwa chini ya Sh2 mwanzoni mwa 2024 ilivuka Sh10 mwaka 2025, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakinunua matumaini ya faida ya kesho. Hisa ya upendeleo haina matumaini ya aina hiyo ya kuuza, na sokoni hubadilisha mikono kwa nadra.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Anayechukua hisa ya upendeleo anauza nafasi ya kutajirika ili anunue utulivu. Anayechukua ya kawaida anabeba mwaka mbaya wote ili mwaka mzuri uwe wake.

Upande wa kura, tofauti ni kali zaidi. Serikali ya Kenya inamiliki asilimia 50.1 ya hisa za kawaida za kampuni hiyo, na kwa hizo ndiyo mwenye neno la mwisho katika mkutano mkuu. Zamani Serikali ilikuwa pia na hisa za upendeleo za asilimia 7.85, zenye thamani ya mabilioni ya shilingi, ambazo hazikuwa limbikizi. Mwaka 2010, kampuni ilipokuwa ikipanga upya mtaji wake, hisa hizo ziligeuzwa kuwa za kawaida. Mabadiliko kama hayo yana faida kwa pande zote mbili. Kampuni inaondokana na mzigo wa gawio la kiwango maalumu, na mwenye hisa anapata kura na fungu la faida ya baadaye. Anachopoteza ni nafasi yake ya mbele katika foleni ya malipo.

Kwa utaratibu uliozoeleka katika nchi zetu, mwenye hisa ya upendeleo hupiga kura katika mambo mawili tu: gawio lake linapokuwa limechelewa kwa muda uliotajwa, na pale kampuni inapotaka kubadilisha haki za hisa zake. Katika hilo la pili, wenye hisa za aina hiyo hukutana peke yao, na kwa kawaida huhitajika ridhaa ya robo tatu yao. Lakini utaratibu huu kwa sehemu kubwa unatokana na katiba ya kampuni. Usipoandikwa humo, usitegemee.

Tuje kwenye biashara ya ukubwa wetu. Chukua mfano wa wafanyabiashara wanne wa nafaka wanaojenga ghala Busia. Watatu wanaishi hapo na wataendesha shughuli. Kwa pamoja wanatoa Sh milioni 4 za Kenya na kuchukua hisa za kawaida. Wa nne anaishi Mbale, hana nafasi ya kuja kila wiki, lakini ana Sh milioni 3. Anakubaliana na wenzake apewe hisa za upendeleo zenye gawio limbikizi la asilimia 10. Haki yake kwa mwaka ni Sh300,000.

Mwaka wa kwanza kampuni inapata faida ya Sh1,000,000. Mtu wa Mbale anachukua 300,000 zake, na watatu wanagawana 700,000, sawa na asilimia 17.5 ya walichoweka. Mwaka wa pili mavuno ni haba, ghala linakaa nusu tupu, na faida ni sifuri. Hakuna anayelipwa, kwa sababu gawio hutolewa kutoka kwenye faida tu. Mwenye hisa ya upendeleo hawezi kwenda mahakamani kudai gawio ambalo halijatangazwa kama mkopeshaji anavyodai riba yake. Ila 300,000 zake zimeandikwa.

Mwaka wa tatu faida ni Sh500,000. Sasa anadai 600,000, za mwaka huu na za mwaka jana. Fedha zote zinakwenda kwake, bado anabaki akidai 100,000, na wale watatu waliofanya kazi mwaka mzima wanarudi nyumbani bila gawio. Mwaka wa nne ni mzuri na faida inafika Sh2,000,000. Mtu wa Mbale anachukua 400,000, na wenzake wanabaki na 1,600,000, sawa na asilimia 40 ya mtaji wao kwa mwaka mmoja.

Piga hesabu ya miaka yote minne. Mwenye upendeleo amepata Sh1,200,000, ambayo ni asilimia 10 kwa mwaka kama alivyoahidiwa. Wale watatu wamepata Sh2,300,000 juu ya milioni 4, zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka, lakini miaka miwili kati ya minne hawakuona kitu.

Sasa futa neno moja kwenye mkataba wao: limbikizi. Badala yake andika kwamba gawio la mwaka usio na faida limepotea. Mwaka wa tatu mtu wa Mbale angepata 300,000 na wenzake 200,000. Mwaka wa nne angepata 300,000 tena na wenzake 1,700,000. Mwisho wa safari angekuwa na Sh900,000 badala ya 1,200,000, na zile 300,000 zingekuwa mifukoni mwa wenzake. Na kuna hatari zaidi. Wenye kura ndio wanaochagua wakurugenzi, na wakurugenzi ndio wanaopendekeza gawio. Hisa isipokuwa limbikizi, wanaweza kuzuia gawio mwaka huu wakisema fedha zinahitajika kwa ukarabati, kisha mwakani wakajilipa wao fungu nono baada ya kumlipa mwenye upendeleo la mwaka mmoja tu. Kwa hiyo asiye na kura asikubali kuwa pia asiye na ulimbikizi.

Kanuni ya sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi misingi yake, ni kwamba hisa ya upendeleo huchukuliwa kuwa limbikizi kama mkataba haukusema vinginevyo. Hata hivyo, kuandika neno moja ni rahisi kuliko kuajiri wakili miaka mitano baadaye.

Swali linaloumiza zaidi ni la siku kampuni inapofungwa. Foleni ya malipo huanza na mdai mwenye dhamana, kwa kawaida benki iliyoshika hati ya ghala au kadi ya lori; huyu hulipwa kutokana na mali aliyoishika. Hufuata gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa na sheria, na kodi. Baada yao ni wadai wasio na dhamana, na hapa ndipo alipo yule aliyepeleka magunia kwa mali kauli akisubiri kulipwa mwisho wa mwezi. Wote hao wakimalizika ndipo wenye hisa za upendeleo hupokea, na nyuma yao kabisa husimama wenye hisa za kawaida.

Tuseme ghala la Busia linafungwa na mali zote zinauzwa kwa Sh milioni 9. Benki inadai milioni 5. Gharama za ufilisi, mishahara na kodi ni 800,000. Wakulima na wauzaji waliokopesha mzigo wanadai 1,200,000. Jumla ni milioni 7, zinabaki milioni 2. Mwenye upendeleo aliweka milioni 3, hivyo anachukua hizo 2 zote na kupoteza moja. Watatu wa kawaida hawapati kitu, ingawa waliweka milioni 4 na jasho juu yake.

Lakini hayo ni kama katiba ya kampuni imesema wazi kwamba upendeleo unahusu pia kurudishiwa mtaji. Hapa sheria haimsaidii mwenye hisa kama ilivyomsaidia kwenye ulimbikizi. Upendeleo wa gawio hauleti wenyewe upendeleo wa mtaji. Ikiandikwa tu kwamba atapata asilimia 10 kabla ya wengine, na mengine yakanyamaziwa, basi siku ya kufunga anasimama mstari mmoja na wenzake. Zile milioni 2 zingegawanywa kwa uwiano wa milioni 3 kwa milioni 4, naye angepata karibu Sh857,000. Sentensi moja iliyosahauliwa ingemgharimu zaidi ya Sh1,100,000.

Vivyo hivyo kwa gawio lililolimbikizwa. Kama kampuni inafungwa wakati anadai la miaka miwili ambalo halikutangazwa, haki hiyo inaweza kuzimika siku ufilisi unapoanza, isipokuwa katiba iseme kwamba malimbikizo yatalipwa hata wakati wa kufunga. Na kwa upande mwingine wa shilingi, kama ghala limepanda thamani na likauzwa kwa milioni 20, baada ya madeni zinabaki milioni 13. Katiba ikiwa imeeleza kwamba mwenye upendeleo atarudishiwa mtaji wake, hiyo ndiyo haki yake yote: anachukua milioni 3 na kuondoka, na milioni 10 zinakuwa za wale watatu. Upendeleo ni ngao tu, hauongezi fungu.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya wadogo pekee. Kampuni ya saruji ya ARM Cement ilikuwa na kiwanda Athi River nchini Kenya na kingine Tanga nchini Tanzania, kupitia kampuni yake tanzu ya Maweni Limestone. Mwaka 2016 CDC, shirika la uwekezaji la Serikali ya Uingereza, liliweka dola milioni 140 na kupewa hisa za kawaida, zaidi ya asilimia 40 ya kampuni. Madeni yalikuwa makubwa na ushindani wa bei ya saruji Tanzania ulikuwa mkali. Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi. Mali ziliuzwa: za Kenya kwa National Cement, na kiwanda cha Tanga kikachukuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020 kwa dola milioni 116. Fedha hizo zilielekea kwa wadai, na wasimamizi walikwishaeleza kwamba wenye hisa wasitarajie kitu. Mwenye dola milioni 140 na mwalimu wa Nairobi mwenye hisa mia moja walisimama mahali pamoja, mwisho wa foleni.

Hata hivyo, tukio la ARM lina somo la pili ambalo wauza hisa za upendeleo hawalisemi. Mahali ambapo wadai wenyewe hawajashiba, hata mwenye hisa ya upendeleo hapati kitu. Kuwa mbele ya mtu wa mwisho hakukufanyi uwe wa kwanza. Anayetaka ulinzi wa kweli katika kampuni yenye madeni ya benki anapaswa kuikopesha kampuni kwa mkataba wenye dhamana, akisajili dhamana hiyo, badala ya kununua hisa za aina yoyote.

Kwa mfanyabiashara anayealikwa kuweka fedha katika kampuni ya ng'ambo ya mpaka, kazi ya kwanza basi ni kuiona katiba ya kampuni yenyewe, si maelezo ya mdomo wala barua ya mwaliko. Kenya, Msajili wa Kampuni hutoa taarifa iitwayo CR12 inayoonyesha wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa zao. Tanzania taarifa za namna hiyo ziko BRELA, Uganda ziko URSB na Rwanda ziko RDB. Ukishaipata katiba, tafuta sehemu inayotaja hisa zako na usome kama imejibu haya: gawio ni kiasi gani na juu ya thamani ipi, likikosekana mwaka mmoja linalimbikizwa au linapotea, mtaji wako unarudishwa kabla ya nani kampuni ikifungwa, pamoja na malimbikizo au bila, unapata kura baada ya gawio kuchelewa kwa muda gani, na kama kampuni ina haki ya kukurudishia fedha zako na kukuondoa siku itakayoona inafaa.

Halafu angalia madeni yaliyo mbele yako. Omba hesabu za mwaka uliopita, jumlisha mikopo ya benki, kodi na fedha za wauzaji, kisha jiulize kama mali zikiuzwa kwa haraka, kwa bei ya mnada, kitabaki kiasi cha kukufikia. Kama jibu ni hapana, hisa unayopewa ni ya kawaida kwa hatari yake, hata kama kwenye cheti imeandikwa ya upendeleo. Hapo ama udai gawio kubwa zaidi, ama udai kura, ama ubaki na fedha zako.